Ahadi ya milioni 12 baada ya miaka minne: leo ina thamani gani?

Tuseme uliuza mashine kwa mkopo. Mkataba unasema mnunuzi atakulipa milioni 12 kwa mkupuo, miaka minne kamili kuanzia leo, bila malipo yoyote ya katikati. Sarafu iwe yoyote, hesabu haibadiliki. Sasa mdaiwa wako amekujia na neno jipya: "Ndugu yangu, nimepata fedha. Nikulipe leo tuyamalize. Benki wanatoa asilimia 10 kwa mwaka kwenye amana, basi nimekata asilimia 10 kwa kila mwaka uliobaki. Inakuja 7,873,200." Anakuonyesha simu yake, na kweli kwenye kioo kuna 12,000,000 × 0.9 × 0.9 × 0.9 × 0.9.

Kuzidisha kwake hakuna kosa. Asilimia 10 aliyoitaja ni ya kweli, na benki wanaitoa. Lakini kiasi alichofikia ni pungufu kwa karibu 323,000, na upungufu huo unakuangukia wewe. Nitaifuata kesi hii moja mpaka mwisho, kwa sababu karibu kila linaloharibika kwenye hesabu ya thamani ya sasa limo ndani yake.

Hatua ya kwanza: andika ahadi ilivyo

Kabla ya kugusa kikokotoo, andika mambo matatu kwenye karatasi: kiasi kilichoahidiwa, tarehe ya kulipwa, na nani anayelipa. Kwetu ni milioni 12, miaka minne kamili, na mlipaji ni huyo mnunuzi wa mashine.

Hakikisha pia kwamba ni malipo ya mara moja. Kama mkataba unasema milioni 3 kila mwaka kwa miaka minne, jumla ni ileile milioni 12 lakini thamani yake ya leo ni kubwa zaidi, kwa kuwa sehemu ya fedha inakufikia mapema. Hapo kila awamu inahesabiwa peke yake kwa tarehe yake, kisha majibu yanajumlishwa. Hapa tuna mkupuo mmoja tu, basi tuendelee.

Hatua ya pili: gawanya, usikate

Swali ni hili: ni kiasi gani, kikiwekwa leo mahali panapotoa asilimia 10 kwa mwaka na riba yake ikiachwa humo izae riba nyingine, kitafika milioni 12 hasa siku ile ya miaka minne? Kiasi hicho ndicho thamani ya sasa. Mwenye nacho leo na mwenye ahadi ya milioni 12 wako sawa, kwa sababu wa kwanza anaweza kujitengenezea milioni 12 zake mwenyewe.

Fedha ikikua kwa asilimia 10, mwaka mmoja unaizidisha kwa 1.10. Kurudi nyuma mwaka mmoja ni kutengua kuzidisha huko, yaani kugawanya kwa 1.10. Rudi hatua kwa hatua:

Mwisho wa mwaka wa 4: 12,000,000
Mwisho wa mwaka wa 3: 10,909,091
Mwisho wa mwaka wa 2: 9,917,355
Mwisho wa mwaka wa 1: 9,015,778
Leo: 8,196,161

Kwenye vikokotoo vingi unabonyeza 12000000 ÷ 1.1, kisha kitufe cha sawasawa mara nne, nacho kinarudia kugawanya chenyewe. Kama chako hakirudii, gawanya mara nne kwa mkono. Kwa kifupi kanuni ni hii:

```
thamani ya sasa = kiasi / (1 + r)^n
8,196,161 = 12,000,000 / 1.10^4
```

Hapo r ni riba ya kipindi kimoja ikiandikwa kwa desimali, na n ni idadi ya vipindi. Asilimia 10 inaandikwa 0.10.

Mdaiwa yeye alizidisha kwa 0.90. Mtu akiangalia haraka ataona kugawanya kwa 1.10 na kuzidisha kwa 0.90 ni kitu kimoja, lakini sivyo. Moja gawanya kwa 1.10 ni 0.909, si 0.900. Tofauti ya mwaka mmoja ni ndogo, ila inajirudia mara nne. Chanzo chake ni swali la asilimia 10 ya nini. Benki inapokupa asilimia 10, inakupa ya kile ulichoweka mwanzoni mwa mwaka. Mdaiwa alikata asilimia 10 ya kile kitakachokuwepo mwishoni mwa mwaka, ambacho ni kikubwa zaidi. Amekata kipande kutoka kwenye mkate mkubwa akakiita kwa jina la kipande cha mkate mdogo.

Kuna wengine wanaokata kwa namna mbaya zaidi: asilimia 10 ya milioni 12 ni milioni 1.2, mara miaka minne ni milioni 4.8, basi leo ni milioni 7.2. Ukitaka kuona jinsi njia hii isivyosimama, ipeleke kwenye ahadi ya miaka kumi. Itakuambia kwamba milioni 12 za miaka kumi ijayo leo ni sifuri, na ya miaka kumi na moja ni deni! Ukataji wa namna hii una matumizi yake halali kwenye hati za muda mfupi, za siku 90 au 180, ambako ni desturi ya soko na kila mtu anajua bei imetajwa hivyo. Kwa muda mfupi namna hiyo tofauti ni ndogo. Kwa miaka minne si ndogo tena.

Hatua ya tatu: rudisha hesabu mbele

Sijui kipimo kizuri kuliko hiki, na hakihitaji kumwamini mtu yeyote. Chukua kiasi kinachodaiwa kuwa thamani ya leo, kikuze kwa riba iliyotajwa, uone kama kinafika kwenye ahadi.

8,196,161 × 1.1 × 1.1 × 1.1 × 1.1 inatoa milioni 12, pengine ikipungua senti chache kwa sababu ya kukadiria. Jibu limesimama.

7,873,200 ikikuzwa vilevile inatoa 11,527,152. Inapungua kwa 472,848. Ile milioni 7.2 inafika 10,541,520 tu, karibu milioni moja na nusu chini ya ahadi. Ukikaa na mdaiwa mezani, hapa ndipo pa kumwonyesha. Usibishane naye juu ya kanuni. Mwambie: "Haya, nichukue hizi unazonipa, niziweke kwenye benki hiyohiyo uliyoitaja. Baada ya miaka minne nitakuwa na milioni 11 na laki tano. Wewe uliniahidi 12." Mtu mwenye nia njema ataelewa papo hapo, na asiye na nia njema utamjua kwa jibu atakalotoa.

Hatua ya nne: riba ipi?

Mpaka hapa nimeichukua asilimia 10 kama ilivyoletwa. Kazi kubwa lakini iko hapa, maana kugawanya ni kazi ya dakika moja, kuchagua kiwango cha kugawanyia ndiko kunakoamua jibu. Kiwango hicho huitwa kiwango cha punguzo. Anayekupa ofa atachagua kinachomfaa yeye, na kumbuka mwelekeo: kiwango kikipanda, thamani ya leo inashuka. Anayelipa anapenda kiwango kikubwa, anayepokea anapenda kidogo.

Kanuni ninayoifuata ni kuuliza: fedha hii ikinifikia leo, nitaipeleka wapi kweli, na huko itanipa nini baada ya makato yote? Pahala hapo pawe pa sarafu ileile ya ahadi na pa muda unaokaribiana nao. Riba ya amana ya miezi mitatu haipimi ahadi ya miaka minne, kwa sababu hujui utakapoiweka upya utapewa ngapi. Amana ya muda maalumu ya miaka minne, au hatifungani ya serikali iliyobakiza miaka minne, ndiyo mizani inayofaa.

Sasa angalia makato. Tuseme riba ya benki inakatwa kodi ya asilimia 10 kabla hujaipokea. Katika kila 10 unayopata, 1 inaondoka, na mkononi inabaki asilimia 9. Gawanya upya kwa 1.09 mara nne, jibu linakuwa takriban 8,501,000. Kodi hiyo peke yake imeongeza thamani ya ahadi yako kwa zaidi ya laki tatu, kwa kuwa njia mbadala uliyo nayo si nzuri kama tangazo la benki linavyosema. Mdaiwa hatakukumbusha hilo.

Upande wa pili, fikiria kwamba wewe mwenyewe una mkopo unaoulipia asilimia 16 kwa mwaka, na mkataba wake unakuruhusu kuulipa mapema bila faini. Hapo fedha ya leo haiendi benki, inaenda kulipa deni, na kila shilingi inayolipa deni hilo inakuokolea asilimia 16. Kwako ahadi ya milioni 12 leo ni 12,000,000 gawanya kwa 1.16 mara nne, yaani karibu 6,627,000. Ofa ya 7,873,200 iliyoonekana mbovu sasa ni nzuri, tena ni nzuri sana. Kwa hiyo kabla hujaangalia viwango vya benki yoyote, angalia madeni yako ya bei ghali kwanza. Watu wawili wanaweza kushika ahadi moja, kwa maneno yaleyale, mmoja akafanya vyema kuiuza na mwingine akafanya vyema kusubiri.

Hatua ya tano: muda na riba viongee lugha moja

Riba ya mwaka huenda na miaka, na riba ya mwezi huenda na miezi. Ukichanganya, kikokotoo hakitakuambia, kitatoa namba tu.

Benki nyingine hutangaza asilimia 10 kwa mwaka lakini riba huingizwa kila mwezi, nayo ikaanza kuzaa mwezi unaofuata. Hapo kipindi ni mwezi: gawanya 0.10 kwa 12, upate 0.008333, na vipindi ni 48.

```
12000000 / (1 + 0.10/12)^48
```

Jibu ni takriban 8,057,000. Limeshuka kwa karibu 139,000 kutoka 8,196,161, ingawa tangazo ni lile lile la asilimia 10, kwa sababu fedha inayopewa riba kila mwezi inakua haraka kidogo. Kwa hiyo mtu akikutajia riba, muulize inaingizwa mara ngapi kwa mwaka.

Na kama muda si miaka kamili? Tuseme imebaki miaka mitatu na miezi saba. Hiyo ni miezi 43, na 43 gawanya kwa 12 ni 3.5833. Weka namba hiyo kwenye kipeo: 12,000,000 / 1.10^3.5833, jibu takriban 8,528,000. Usikubali mtu akuzungushie muda kuwa miaka minne "ili hesabu iwe rahisi". Miezi mitano ya kuzungusha inakugharimu zaidi ya 330,000, zaidi hata ya kosa la 0.9 tulilolianza.

Hatua ya sita: soma riba iliyofichwa ndani ya ofa

Hapa unageuza swali. Badala ya kuuliza ahadi ina thamani gani kwa riba fulani, uliza: ofa hii inanitoza riba gani? Ukipokea 7,873,200 leo na kuiacha milioni 12 ya baadaye, ni kana kwamba umekopa 7,873,200 na utalipa milioni 12 baada ya miaka minne. Mkopo huo una riba yake.

Gawanya kubwa kwa ndogo: 12,000,000 / 7,873,200 ni 1.524158. Hicho ndicho kiasi ambacho fedha ingekua kwa miaka minne. Kupata ukuaji wa mwaka mmoja unahitaji kipeo cha nne kiende kinyume, na bahati nzuri kwa miaka minne inatosha kubonyeza kitufe cha kipeo cha pili kinyume (√) mara mbili. Mara ya kwanza inatoa 1.234568, mara ya pili 1.111111. Riba iliyofichwa ni asilimia 11.11, si 10.

Napenda sana namba hii kuliko thamani ya sasa yenyewe, kwa sababu haihitaji mkubaliane kwanza juu ya kiwango. Inakuambia mstari uko wapi. Kama unaweza kuiweka fedha mahali salama panapotoa zaidi ya asilimia 11.11 baada ya kodi, au una deni linalokula zaidi ya hapo, pokea. Kama huwezi, ofa ni ndogo. Kwa miaka isiyo minne, tumia kipeo cha moja gawanya kwa idadi ya miaka, kwa mfano `1.524158^(1/5)` ikiwa ni mitano.

Hatua ya saba: je, atalipa?

Amana ya benki na ahadi ya mtu si kitu kimoja. Tumegawanya kwa riba ya mahali salama kana kwamba milioni 12 zitakuja bila shaka. Kama shaka ipo, thamani ya leo ni ndogo zaidi, na kuna njia mbili za kuiingiza.

Njia ya kwanza ni kuongeza kiwango. Unaona mdaiwa ni wa mashaka kiasi, basi badala ya 10 unatumia 14. Jibu linashuka hadi 7,104,963, na ofa ya 7,873,200 inageuka kuwa nzuri. Wenye mitaji hufanya hivi kila siku. Udhaifu wake ni kwamba ile 4 ya nyongeza hutoka kichwani, na watu wachache wanaweza kueleza kwa nini si 3 au 6.

Njia ya pili kwangu ni ya wazi zaidi kwa ahadi ya mtu mmoja unayemjua. Weka kiwango salama cha asilimia 10, kisha gawanya ofa kwa thamani ya sasa: 7,873,200 / 8,196,161 ni karibu 0.96. Maana yake, ofa na kusubiri vinalingana ikiwa kuna uwezekano wa asilimia 96 kwamba atalipa zote kwa wakati, na asilimia 4 kwamba hutapata kitu. Sasa una swali linalojibika. Ukiwafikiria watu 100 wa aina yake, wenye biashara kama yake na mkataba kama huu, unaamini watakaoshindwa hawatafika wanne? Kwa ahadi ya miaka minne isiyo na dhamana, mimi binafsi nisingethubutu kusema hivyo kirahisi. Kama kuna dhamana ya mali au mdhamini mwenye uwezo, jibu ni jingine, kwa kuwa hata akishindwa hutatoka mikono mitupu.

Chagua njia moja tu. Ukipandisha kiwango hadi 14 halafu ukazidisha tena kwa 0.96, umeihesabu hatari ileile mara mbili na utaiuza ahadi yako kwa bei ya kutupa.

Utaona kwamba tumerudi mahali pa ajabu kidogo. Mdaiwa alikosea hesabu, lakini ofa yake huenda bado ikakufaa kwa sababu ambayo hakuitaja: kwamba yeye mwenyewe si benki. Hilo si jambo la kumwambia. Ila ujue unapokubali, unakubali kwa sababu gani, na ni kiasi gani cha punguzo hilo ni malipo ya hatari, kiasi gani ni kosa lake la 0.9.

Mfumuko wa bei usiingizwe mara mbili

Swali hili huulizwa kila mara, hivyo nilimalize. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kwa mwaka, milioni 12 za baada ya miaka minne zitanunua vitu ambavyo leo vinanunuliwa kwa takriban milioni 9.5. Hiyo ni taarifa ya kweli kuhusu uwezo wa kununua, lakini si thamani ya sasa tunayoitafuta. Riba ya asilimia 10 inayotolewa sokoni imeshabeba matarajio ya bei kupanda ndani yake, maana hakuna anayekopesha bila kufikiria hilo. Mtu anayechukua hiyo milioni 9.5 na kuigawanya tena kwa 1.10 mara nne anafika takriban milioni 6.49, na amejipunja vibaya. Ahadi ikiwa imetajwa kwa namba isiyobadilika, gawanya kwa riba ya sokoni ilivyo, basi. Ni pale tu mkataba unaposema kiasi kitapandishwa kufuata bei ndipo unapotoa mfumuko kwenye riba kwanza.

Kwenye lahajedwali

Ukitaka kujaribu viwango vingi kwa haraka, fomula mbili zinatosha:

```
=PV(0.10,4,0,-12000000)
=RATE(4,0,-7873200,12000000)
```

Ya kwanza inatoa 8,196,161 na ya pili inatoa riba iliyofichwa. Sifuri ya katikati inasema hakuna malipo ya kila mwaka. Alama ya kutoa ipo kwa sababu programu inataka fedha inayoingia na inayotoka ziwe na alama tofauti. Ukiisahau kwenye `PV` utapata jibu lenye alama ya kutoa mbele, si tatizo kubwa, lakini kwenye `RATE` utapata ujumbe wa kosa. Kwenye kompyuta zilizowekwa desimali kwa mkato, tenganisha kwa nukta-mkato badala ya mkato.

Makosa mawili hujitokeza hapa. Moja ni kuandika 10 badala ya 0.10 au 10%. Programu itaelewa asilimia 1,000 na kukupa 820, yaani mia nane na ishirini, kwa ahadi ya milioni 12. Hilo utaliona. Jingine huwezi kuliona kirahisi: `RATE` mara nyingi huonyesha 11% kwa sababu seli imewekwa bila desimali, na mtu anaandika 11 kwenye barua wakati ukweli ni 11.11. Ongeza desimali mbili kabla ya kusoma.

Wakati hakukuwa na mashine hizi watu walitumia majedwali. Simon Stevin alichapisha yake mwaka 1582, na kabla ya hapo majedwali ya namna hiyo yalifichwa na wafanyabiashara kama siri ya kazi. Jedwali kwa asilimia 10 na miaka minne linatoa 0.6830, nawe unazidisha kwa 12,000,000 upate 8,196,000. Ukikutana na jedwali lenye desimali mbili tu, 0.68, litakupa 8,160,000. Elfu 36 zimepotelea kwenye kukadiria, hivyo tafuta lenye desimali nne au zaidi.

Kabla ya kumjibu

Usijibu kwa namba moja. Andika tatu: kwa kiwango cha chini unachoweza kukitetea, cha kati, na cha juu. Kwa kesi yetu, asilimia 8 inatoa 8,820,358, asilimia 10 inatoa 8,196,161, asilimia 14 inatoa 7,104,963. Mazungumzo yenu yatakuwa ndani ya uwanja huo. Kwa miaka minne, kutoka 10 kwenda 8 kunaongeza thamani kwa chini ya asilimia 8. Kama ahadi ingekuwa ya miaka ishirini, badiliko hilohilo lingepandisha jibu kutoka takriban 1,784,000 hadi 2,575,000, ongezeko la asilimia 44. Kadiri muda unavyorefuka ndivyo kiwango kinavyotawala jibu, na ndivyo unavyopaswa kumshuku anayekuletea namba moja iliyonyooka bila kusema ameigawanya kwa nini.

Mimi ningemrudishia 8,196,000, nikimwekea mezani ile hesabu ya kukuza mbele kwa riba aliyoitaja mwenyewe. Akipanda hadi milioni 8, riba iliyofichwa inashuka kuwa takriban asilimia 10.67, na kwa mdaiwa asiye na dhamana hapo ningeshika kalamu. Hati ya deni ningeikabidhi baada ya fedha kuonekana kwenye akaunti, na kwenye stakabadhi ningeandika kwamba kiasi hicho kimemaliza deni lote la milioni 12, pamoja na tarehe ambayo lingeiva, ili pasiwe na mtu wa kuja baadaye kuidai tofauti au kudai kwamba ilikuwa ni sehemu tu ya malipo.